Kumshangaza mwenza mwenye haya katika siku yake ya kuzaliwa

Katika kazi yangu ya kupanga sherehe hapa Dar es Salaam, maombi ninayoyashughulikia kwa uangalifu mkubwa kuliko yote ni yale ya mtu anayetaka kumshangaza mume au mke asiyependa watu wengi wala kutazamwa. Mara nyingi mwombaji anakuja na picha moja kichwani: mlango unafunguliwa, taa zinawaka, watu thelathini wanapiga kelele kwa pamoja. Kwa mtu mwenye haya, hapo ndipo penye tatizo lenyewe, kwa sababu habari inamfikia sekunde ileile ambayo macho ya watu wote yanamfikia. Hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi na kuuweka sawa uso wake. Anachekelea kwa sababu anajua anatakiwa kuchekelea, kisha muda uliobaki anautumia kutafuta kona au kuomba kusaidia jikoni.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kwamba habari imfikie kwanza na macho yafuate baadaye, na katikati yake kuwe na muda wa kutosha. Nitaeleza kwa kutumia kazi moja niliyoifanya kwa ajili ya mwanamke mfamasia aliyekuwa anatimiza miaka 35.

Mumewe alitaka ukumbi, mshereheshaji na watu arobaini. Sikumkatalia. Nilimwomba anisimulie jinsi mkewe alivyokuwa kwenye sherehe zake mwenyewe zilizopita, maana huko ndiko ukweli uliko. Alikumbuka kwamba kwenye hafla ya kumuaga bibi harusi mkewe aliinamisha kichwa hata baada ya wazee kumruhusu kukiinua, na kwamba mwaka mmoja wafanyakazi wenzake walipommwagia maji kwa kusherehekea siku yake, mwaka uliofuata aliomba likizo tarehe hiyo. Nikamuuliza swali la pili: akipata habari mbaya, anampigia nani simu? Akajibu bila kufikiri kwamba anampigia mdogo wake wa kike na rafiki mmoja waliyesoma naye sekondari. Nikamwambia, kaka, orodha ya wageni wako imekamilika.

Tulichagua kisiwa cha Mbudya, kilicho ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1975, mwendo mfupi wa boti kutoka Kunduchi. Mwishoni mwa wiki kisiwa hicho hujaa watu na muziki, lakini siku za kazi unaweza kupata banda la makuti la pembeni na usisikie chochote isipokuwa mawimbi. Tukachukua Alhamisi, siku ambayo zamu yake ya kazi ilikuwa tayari imempa mapumziko. Sipendi mume aende kwa msimamizi wa mkewe kumwombea ruhusa ya siri, kwa kuwa siri ikishaingia ofisini ndoo ya maji nayo inaanza kutafutwa. Kisha nilitazama jedwali la maji. Maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua maji yakitoka hutoka mbali sana, hata abiria analazimika kuifuata boti akiwa amepandisha nguo. Mtu anayechukia kutazamwa hataki kuanza siku yake hivyo.

Jumanne jioni mume alimwambia mkewe maneno tuliyoyaandaa pamoja: “Alhamisi usipange kitu. Tutakwenda baharini, tutakuwa wanne tu, wote unawafahamu, na kabla ya saa kumi tutakuwa tumerudi nyumbani.” Wateja wengi hunipinga hapa wakisema kwamba mshangao umeshaharibika. Mimi naona haujaharibika, kwa sababu kilichotajwa ni vile vitu vinne vinavyomtisha tu: idadi ya watu, kama kuna wageni asiowajua, avae nini na itaisha lini. Mahali, majina na zawadi vilibaki kuwa siri, na alikuwa na siku mbili za kuvitarajia kwa furaha badala ya hofu.

Wageni niliwapigia simu mmoja mmoja. Kundi la ujumbe sikulifungua, kwa kuwa kundi huzaa maoni, michango na yule anayeuliza kama anaweza kuja na mwenzake. Nilimwomba kila mmoja asiweke picha yoyote kwenye simu yake siku hiyo, kisha tukagawana njia. Rafiki alivuka mapema, saa mbili na nusu, akashika banda la mwisho kabisa na kuagiza samaki. Mdogo wake alikuwa ameketi ndani ya boti ya pili walipofika pwani. Kwa namna hiyo alikutana nao kwa zamu, na yule wa kisiwani alimwona kwa mbali, akitembea mchangani kwa dakika tatu au nne kabla ya kumfikia. Dakika hizo zina thamani kubwa sana kwangu. Mume aliniambia kwamba mkewe alisimama, akafunika mdomo kwa mkono, akafuta macho, kisha akaendelea kutembea, na alipofika kwenye banda alikuwa anacheka kweli.

Kosa lilitokea kwenye boti, na ninabeba sehemu yangu kwa kutomwonya mume mapema. Alikuwa amemweleza nahodha sababu ya safari, na nahodha kwa wema wake akaanza kuimba wimbo wa kuzaliwa kwa sauti kubwa mbele ya abiria wengine. Mke akatazama vidole vya miguu yake hadi mdogo wake alipomuuliza nahodha bei ya pweza na mazungumzo yakahama. Tangu hapo humsisitizia kila mteja kwamba nahodha, mpishi na mhudumu wa mgahawa hawana haja ya kujua tunasherehekea nini.

Keki ilikuwa ya nusu kilo, bila krimu kwa sababu krimu huyeyuka kwenye joto la pwani, na ilikuwa imeshakatwa na kupangwa kwenye bakuli lenye mfuniko. Ikishakatwa, hakuna atakayesimamishwa na kisu mkononi, na hakuna kulishana mbele ya kamera. Mume alijua pia dalili za kuangalia: majibu ya neno moja, kushika simu mara kwa mara, kuanza kukusanya vyombo wakati wengine bado wanakula. Angeziona, angependekeza matembezi ya wawili ufukweni. Hazikutokea.

Lililobaki ni jamaa, na hapa kwetu huwezi kulipuuza. Mama mkwe akisikia kwamba sherehe imepita bila yeye, lawama itamwangukia mtu yuleyule tuliyetaka kumlinda. Mume alimweleza mama yake mapema, ana kwa ana, akamwahidi kwamba Jumapili watakwenda kula pilau kwake kama kawaida, bila keki na bila hotuba. Yeye na ndugu wengine waliandika barua fupi, kumi na moja kwa jumla, tukazitia kwenye bahasha moja. Sikutaka zisomwe kisiwani, kwa sababu anayefungua zawadi mbele ya watu hutazamwa usoni kuliko wakati mwingine wowote. Mume alimkabidhi usiku huohuo nyumbani, akamwambia anakwenda dukani kununua maziwa, na akakaa huko karibu saa nzima.