Kazi ya mji: kwa nini tani za bandarini hazitoshi kuikuza Mombasa

Katika jiografia ya miji, kazi ya mji ni ile shughuli inayouletea mji pesa kutoka nje ya mipaka yake. Si kila ajira iliyomo mjini inahesabiwa humo. Kinyozi wa Majengo na muuza mbaazi na mahamri wa Mwembe Tayari wanalipwa na watu wa Mombasa wenyewe, kwa hiyo pesa hiyo ilikuwa mjini tayari, imehama mfuko tu. Wakala wa forodha anayelipwa na mfanyabiashara wa Kampala ili amtolee kontena bandarini ameleta pesa ambayo jana haikuwapo. Kazi ya aina hii huitwa ya msingi, na ile ya kinyozi huitwa ya huduma za ndani. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine, lakini ya pili hutegemea ya kwanza, na hapo ndipo ukubwa wa mji unapoamuliwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mji fulani una watu 10,000 wenye kazi za msingi. Wakipokea mshahara wanalipa kodi ya nyumba, wanashona nguo, wanapanda matatu, wanapeleka watoto shule. Ikiwa matumizi hayo yanatosha kuajiri mtu mmoja na nusu kwa kila mmoja wao, kutakuwa na kazi nyingine 15,000 za huduma, jumla 25,000. Kila mfanyakazi akiwa na wategemezi wawili, mji una wakazi 75,000. Sasa acha kazi za msingi zibaki zile zile 10,000, ila matumizi mengi yafanyike kwingine, hata kila mmoja awe anabeba nusu ya ajira tu. Jumla inashuka hadi 15,000, na wakazi hadi 45,000. Kazi ya mji haikubadilika hata kidogo, lakini watu 30,000 wametoweka.

Kwa hiyo anayetaka kujua mji utakuwa na ukubwa gani lazima aulize mambo mawili: pesa ngapi inaingia, na ngapi kati yake inazunguka humo humo kabla ya kutoka. Watu wengi wanauliza la kwanza pekee. Kwa Mombasa kosa hilo lina gharama kubwa, kwa sababu bandari ndiyo kazi yetu kuu, na takwimu zinazotangazwa kila mwaka ni za tani na makontena. Takwimu hizo zinapima meli. Mji hazijaupima.

Lifuate kontena moja la bidhaa za duka linaloshuka Kilindini likielekea Nairobi. Njia ya kwanza: linatolewa gatini na kupelekwa kwenye yadi ya makontena, Changamwe au Miritini. Wakala anashughulikia makaratasi, ofisa wa forodha analikagua, vibarua wanalifungua na kuhamisha mzigo, godauni linatoza siku za kuhifadhi. Kisha trela linaitwa. Dereva na utingo wake wanakula kibandani, wanajaza dizeli, wanaziba pancha, pengine wanalala wakisubiri zamu ya kupakia. Karibu kila hatua hapo ina mtu wa Mombasa anayelipwa, na mtu huyo ana chumba cha kupanga na duka analokopa unga.

Njia ya pili: kontena linanyanyuliwa kutoka melini, linawekwa kwenye behewa la SGR, na forodha yake inafanyika kwenye bandari kavu ya Nairobi. Bandarini limehesabiwa vile vile, moja. Winchi imefanya kazi ile ile, na ada ya gati imelipwa. Ila wakala, yadi, godauni, trela, dizeli na kibanda vyote vimehamia mwisho wa reli.

Hili tumeliishi. Treni za mizigo za SGR zilianza kazi mapema 2018, na mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo inayoingizwa nchini isafirishwe kwa reli hiyo ikatolewe bara. Watu wa Mombasa waliandamana barabarani wiki baada ya wiki. Septemba 2022 Rais William Ruto, siku aliyoapishwa, alitangaza kurudisha utoaji wa mizigo Mombasa. Katika kipindi chote hicho bandari ilifanya kazi, meli zilikuja, makontena yalihesabiwa. Waliokuwa wakisoma ripoti za bandari peke yake hawakuweza kuelewa watu wanalalamikia nini. Waliokuwa wakitazama yadi tupu na trela zilizoegeshwa bila mzigo walielewa mara moja.

Tazama mahali ajira zinapopotea kwanza. Si gatini, maana pale watu waliajiriwa kwa mikataba. Zinaanza kupotea kwa vibarua wa siku, wanaolipwa jioni na kutumia jioni hiyo hiyo. Pesa yao ndiyo inayozunguka mjini haraka kuliko zote, kwa hiyo pengo lao linaonekana vibandani na kwa wenye nyumba za vyumba kabla halijafika kwenye kitabu chochote cha hesabu. Mtu akitaka kupima afya ya kazi ya bandari kwa macho, aulize bei ya chumba Changamwe na idadi ya vyumba vilivyo wazi.

Kwa kalamu, njia inayotumika sana ni kulinganisha mji na nchi. Chukua mji wa mfano wenye wafanyakazi 100,000, na 18,000 kati yao wako kwenye uchukuzi na mizigo. Kama nchi nzima wastani ni 6 kwa kila 100, basi mji huu ungehitaji 6,000 kwa mahitaji yake wenyewe. Wale 12,000 waliozidi wanahudumia watu wa nje, nao ndio kazi ya msingi. Uwiano wa 18 kwa 6 ni 3, na uwiano ukipita 1 kwa umbali unaoonekana, umepata kazi ya mji. Mwanajiografia Chauncy Harris alitumia wazo la namna hii mwaka 1943 kuipanga miji ya Marekani kwa kazi zake, na bado ndiyo hatua ya kwanza ya wapangaji wengi.

Njia hii ina mapungufu mawili ya kuangalia hapa kwetu. Kwanza, takwimu za ajira rasmi hazimgusi kibarua wa yadi wala fundi wa jua kali, kwa hiyo uchukuzi unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Pili, watu wanaofanya kazi kisiwani lakini wanalala Mtwapa au ng'ambo ya Likoni kuelekea Kwale wanachanganya hesabu: mshahara umetoka Mombasa, matumizi yako kaunti nyingine.

Ukiwa na maswali yale mawili mkononi, aina nyingine za miji zinajieleza zenyewe. Mji wa mgodi ndio wenye pengo kubwa zaidi kati ya pesa inayoingia na watu wanaobaki. Jirani zetu wa Kwale walikuwa na mgodi wa madini ya titani uliosafirisha shehena ya kwanza mapema 2014 na kumaliza kuchimba Desemba 2024. Mchanga ulichambuliwa kwa mitambo, madini yakapitishwa gati la Likoni na kupelekwa ng'ambo, ambako ndiko hutengenezwa rangi na bidhaa nyingine. Thamani ilikuwa kubwa, mikono ilikuwa michache, na kila mtu alijua mapema kwamba mchanga una mwisho. Hakuna mwenye akili anayejenga ghorofa sita kwa mpangaji wa miaka kumi, kwa hiyo hapakuota mji mkubwa. Magadi nako soda imechimbwa kwa zaidi ya karne moja, lakini mji umebaki mdogo kwa sababu hiyo hiyo ya kazi moja yenye mikono michache.

Mji wa kambi ya jeshi hupata mshahara wa uhakika kutoka hazina ya taifa. Hata hivyo askari hulala kambini, kambi hununua vyakula kwa zabuni kubwa, na sehemu ya mshahara hutumwa nyumbani. Nanyuki, penye kituo cha ndege za kivita na kikosi cha mafunzo cha Waingereza, inapata riziki hapo, lakini pia ina watalii wa Mlima Kenya na mashamba ya maua. Kambi peke yake isingeufikisha mji hapo ulipo.

Chuo kikuu ni kinyume cha mgodi. Mwanafunzi ana pesa kidogo, lakini anaitumia yote umbali wa kutembea kwa miguu: chumba, chakula, fotokopi, bando. Ila si kila mwanafunzi ni kazi ya msingi. Kijana wa Likoni anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi, Tudor, na kulala kwao hajaleta pesa mpya mjini, isipokuwa ule mkopo wa serikali. Mwenzake wa Machakos aliyepanga chumba ameleta. Udhaifu wa mji wa chuo uko kwenye kalenda, maana likizo ndefu au chuo kufungwa ghafla huwaacha wenye hosteli wakiwa na deni la benki na vitanda vitupu.

Miji ya soko ndiyo mingi na ndiyo midogo, na sababu ni safari. Mnunuzi wa nyanya hatapita soko moja aende la mbali, hivyo kila soko lina duara lake na mji hukua kufikia uwezo wa duara hilo. Kongowea kuna pande mbili. Kitunguu kinacholiwa Kisauni ni huduma ya ndani. Gunia analonunua mchuuzi wa Kilifi kwa jumla ndilo kazi ya mji.

Bandari huupita ukubwa wa hayo yote kwa kuwa duara lake halina kipimo cha matatu. Kilindini inahudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Kaunti ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019. Na mji ukishafika hapo, unaanza kujitengenezea mwenyewe vitu ulivyokuwa ukivileta, kwa hiyo kila kazi ya msingi hubeba ajira nyingi kuliko katika mji mdogo. Lakini sehemu hiyo inaweza kung'olewa pia. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilifunguliwa 1963 na kikaacha kusafisha 2013. Mafuta hayajaacha kuja: sasa yanashuka yakiwa yameshasafishwa, yanaingia kwenye bomba lililofika Nairobi tangu 1978, na yanapita chini ya mji bila kumlipa fundi wa kiwanda. Mradi wowote mpya, ukiwemo ukanda maalumu wa kiuchumi wa Dongo Kundu, unafaa uulizwe hivyo hivyo: mzigo ukiingia humo, ni mikono ya nani itakayoushika kabla haujatoka?