Betri ya maji na ya lithiamu: 100Ah si sawa na 100Ah

"Betri zote mbili za sola zimeandikwa 12V 100Ah. Kwa nini nilipe mara mbili na nusu kwa lithiamu?"

Kilichoandikwa ubavuni ni ujazo, si kiasi cha kuchota kila usiku. Chukua nyumba ya Micheweni, Pemba, yenye taa nne, televisheni ndogo na feni ya usiku kucha: jumla kama wati-saa 600. Volti 12 mara 100Ah ni wati-saa 1,200, kwa hiyo hiyo ni nusu ya kila betri.

Kwa betri ya maji, nusu ndio mpaka. Ikishushwa hivyo kila siku, hudumu miaka miwili hivi, na joto la visiwani huipunguzia zaidi. Siku za masika, panapokosekana jua, hulala bila kujaa. Ukoga mweupe wa salfeti huganda kwenye bati zake, na ujazo huo haurudi. Ukiizima hadi asubuhi ikaonesha chini ya volti 12.2, umeshavuka nusu. Tena kila mwezi utazame maji, uongeze yaliyotoneshwa tu. Ya kisima yana chumvi, yanaiua.

Lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma huvumilia kushushwa asilimia 80, haidai maji, na kwa matumizi haya hufika miaka minane. Katika muda huo, za maji utanunua nne.

Ila tazama kwanza kontrola yako ya kuchajia betri. Isipokuwa na mpangilio wa lithiamu, gharama yake nayo uihesabu.