Picha isiyo na mandharinyuma si picha yenye mandharinyuma nyeupe

"Nitumie hiyo nembo kwa PNG." Anayeomba hivyo kwa kawaida anataka picha ambayo nyuma yake hakuna kitu. Anayeombwa anachukua JPG aliyonayo, anabadilisha herufi za mwisho za jina la faili kuwa .png, anatuma. Wanaachana kila mmoja akidhani wameelewana, mpaka nembo ibandikwe juu ya bango la bluu na kutokea ndani ya kisanduku cheupe.

Maana yenyewe ni fupi. Picha yenye uwazi ni ile ambayo baadhi ya pikseli zake zimeandikwa zisionekane, ili kilichowekwa chini yake kipenye. Kila pikseli hubeba namba tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu, kisha namba ya nne inayoeleza ionekane kiasi gani. Ikiwa 0 haionekani kabisa, ikiwa 255 inaonekana kamili, na katikati ya hapo inaonekana nusunusu. Namba hiyo ya nne ndiyo huitwa alfa.

Sasa tuje kwenye kinachovurugwa kila siku. Nyeupe ni rangi. Pikseli nyeupe ina namba zake tatu, 255, 255 na 255, na inafunika kilicho chini yake sawasawa na pikseli nyeusi. Kwenye ukurasa mweupe huwezi kuona tofauti, na ndiyo maana watu wengi wanaridhika mapema. Pia JPG, muundo uliotoka mwaka 1992, hauna mahali pa kuweka ile namba ya nne. Ukihifadhi picha yenye uwazi kwa JPG, kila pikseli isiyoonekana inalazimika kupewa rangi fulani, mara nyingi nyeupe, wakati mwingine nyeusi. Uwazi ukishapotea hivyo, kubadilisha jina la faili hakuurudishi, kwa sababu jina halibadilishi kilichomo ndani.

PNG, iliyotoka mwaka 1996, inapo mahali hapo. Lakini kuwa na mahali si kuwa na kitu. Simu nyingi huhifadhi picha za skrini kwa PNG, na hazina uwazi hata chembe. Kwa hiyo "ni PNG" haijibu swali la "je, nyuma imeondolewa?"

Halafu kuna ile miraba ya kijivu na nyeupe kama ubao wa drafti. Hiyo ni alama tu ya programu kukuonyesha kwamba hapo hapana kitu. Haimo ndani ya faili. Anayepiga picha ya skrini wakati miraba inaonekana anaihifadhi kuwa picha halisi, na faili za namna hiyo zimejaa mtandaoni zikidai ni za uwazi. Ukipakua moja na kuiweka juu ya rangi nyingine, drafti inakuja nayo.

Kuondoa nyuma kwenyewe si kazi ngumu. Chukua mfano wa kikombe cheupe chenye mkono, kimepigwa picha juu ya meza ya kahawia, nyuma kuna ukuta wa rangi ya krimu. Kwenye Android, programu ya bure kama Background Eraser inatosha. Fungua picha halisi kutoka kwenye kamera, si ile iliyopitia kwenye ujumbe. Picha iliyobanwa ili itumwe huwa na madoa madogo kuzunguka kingo, na madoa hayo ndiyo yatakayobaki kama vumbi baada ya kufuta. Kata picha ibaki karibu na kikombe, kisha chagua Auto na uguse meza. Programu inafuta pikseli zilizoungana na mahali ulipogusa zenye rangi inayokaribiana na ile uliyogusa, na kahawia yote itaondoka bila shida.

Ukuta ndio mtihani. Krimu na nyeupe ni majirani, hivyo ukigusa ukuta kuna hatari mdomo wa kikombe uliwe pamoja nao. Punguza kiwango cha kizingiti, yaani tofauti ya rangi ambayo programu inakubali kuifuta, kwa kitelezi kilicho chini, kisha gusa ukuta mara kadhaa sehemu tofauti badala ya kutaka uondoke kwa mguso mmoja. Pale inapokaribia mdomo wa kikombe, acha Auto, tumia Manual. Vuta picha iwe kubwa na ufute kwa kidole. Alama ya kufutia hukaa juu kidogo ya kidole ili usijizibe macho. Ukila sehemu ya kikombe, Repair inairudisha kwa kupaka juu yake.

Sehemu mbili husahaulika karibu kila mara. Ya kwanza ni tundu la ndani ya mkono wa kikombe: limezungukwa pande zote, kwa hiyo ufutaji wa nje haulifikii, ni lazima uliguse peke yake. Ya pili ni kivuli chini ya kikombe. Rangi yake si ya meza wala ya kikombe, kwa hiyo hubaki kama ukungu mchafu, na huuoni mpaka uweke picha juu ya rangi nyepesi. Kifute kwa Manual.

Ukimaliza, programu itakuuliza kuhusu kulainisha kingo. Usikatae wala usizidishe. Pikseli za ukingoni zina mchanganyiko wa rangi ya kitu na ya nyuma. Zikiachwa zinavyoonekana kamili, kikombe kinabaki na uzi wa kahawia pembeni. Kulainisha huzipa zile namba za katikati, zionekane nusunusu. Kiwango kidogo kinatosha kwa kikombe; kikizidi, ukingo unaonekana kama umelowa. Kwa nywele za mtu hata hivyo utahangaika, kwa sababu kufuta kwa kufuata rangi hakuwezi kutenganisha unywele mmoja mmoja na ukuta.

Hifadhi kwa PNG, kisha usiamini unachokiona kwenye matunzio ya picha. Matunzio huweka rangi yake chini ya picha, nyeusi au nyeupe, na mtu hudhani kazi imeharibika au imekamilika kumbe si hivyo. Fungua programu yoyote inayoweza kuweka picha juu ya nyingine, weka nyuma rangi nyekundu iliyokolea, halafu weka kikombe juu yake. Ukiona kisanduku, faili haina uwazi. Ukiona vitone vyekundu ndani ya kikombe, Auto ilitoboa nyeupe yake. Rudi ukazibe kwa Repair.

Kosa la mwisho hutokea kwenye kutuma. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa kuwa JPG na kazi yote inarudi kwenye kisanduku. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, kisha tafuta faili yenyewe.

Na mtu akikuomba "PNG", hakuna haja ya kubishana naye. Muulize tu: itakaa juu ya rangi gani? Akijibu nyeupe, hata JPG itamtosha. Akitaja rangi nyingine yoyote, anachohitaji ni faili yenye uwazi, na sasa anajua jina la kuiombea.