Kasi ya Sauti Kutoka Bomba la Hewa: Kwa Nini 340 Si Jibu la Kila Maabara

Malalamiko yanayofika katika kitengo chetu cha usahihishaji wa mitihani ya vitendo yameongezeka, na mengi yanahusu bomba linalozamishwa katika maji ili kutafuta kasi ya sauti. Hatuna shaka na nia njema ya watahiniwa. Hata hivyo, hoja ya kwamba "kila kitabu kinasema mita 340 kwa sekunde" haiwezi kukubaliwa, kwa kuwa thamani hiyo ni ya hewa yenye jotoridi la takribani nyuzi 15, ilhali katika maabara yenye nyuzi 27 kasi hukaribia mita 348.

Tuchukue uma wa sauti wa Hz 512 na bomba lenye kipenyo cha sm 2.8. Bomba likiinuliwa polepole, mlio hukua ghafla urefu wa hewa unapofika sm 16.1, kisha tena katika sm 50.0. Mtahiniwa anayetumia urefu wa kwanza peke yake, kwa v = 4fl, hupata mita 330, kwa sababu hewa inayotetema haiishii mdomoni mwa bomba bali huchomoza nje kidogo, takribani 0.3 ya kipenyo. Ziada hiyo imo katika vipimo vyote viwili, hivyo kutoa kimoja katika kingine huiondoa:

v = 2f(l₂ − l₁) = 2 × 512 × 0.339 = 347 m/s

Urefu wa pili lazima uzidi kidogo mara tatu ya ule wa kwanza: hapa sm 50.0 dhidi ya 48.3, na nusu ya tofauti hiyo, sm 0.85, ndiyo ziada yenyewe. Ukiwa chini ya mara tatu, rudia kipimo, usirekebishe tarakimu.

Kosa la milimita 1 katika tofauti ya urefu hubadilisha jibu kwa takribani mita 1 kwa sekunde. Kwa hiyo utafute mlio ukiinua bomba, kisha ukilishusha, uchukue wastani, na upime kuanzia ukingo wa bomba hadi usawa wa maji. Uma ugongwe kwenye mpira, si ukingoni mwa meza, kwani pigo gumu huzalisha milio ya juu inayopotosha sikio. Andika vipimo vyote pamoja na jotoridi, kwa sababu msahihishaji hutoa alama za vipimo kabla ya kuangalia jibu, na vipimo vilivyopindwa ili vilete 340 mara nyingi hujitambulisha vyenyewe: ziada hutoka hasi, au mbali na 0.3 ya kipenyo.

Kwa bomba lililo wazi pande zote mbili, ziada huhesabiwa mara mbili. Uma uleule huitikiwa na bomba la sm 32.2 badala ya 33.9, na anayesahau ziada hiyo huangukia mita 330 zilezile.