Kalori ya shawarma, na ile "kilo" inayochanganya watu

Juzi tena. Binamu yangu kaja na shawarma ya kuku yenye chipsi ndani, kageuza kopo la mayonesi lililokuwa mezani, kaona 700 kcal kwa gramu 100, akaruka: "Unaona? Hizi ni kilokalori, zidisha kwa elfu, hapa nakula kalori malaki!" Nimeshaisikia hii mara nyingi mno.

Kalori ni kipimo cha joto, basi. Siyo kitu kilichomo kwenye chakula kama chumvi. Neno limetoka Kilatini, calor, yaani joto, na Mfaransa Nicolas Clément, mkemia, kwenye miaka ya 1820 alilitumia kwa joto la kupandisha kilo moja ya maji digrii moja. Baadaye wenzake wakatengeneza ndogo, ya gramu moja tu ya maji, nayo wakaiita kalori hiyohiyo, vurugu zikaanzia hapo. Ya chakula ni ile kubwa, na kcal ya kwenye kopo ndo hiyo hiyo. Kwa hiyo anayesema "kalori 700" na kopo linalosema 700 kcal wanaongea kitu kimoja.

Tukaikunjua ile shawarma kwenye sahani, nikatoa mizani ya jikoni. Mkate ulishanyonya sosi, ukiupima hivyo unaihesabu sosi kama mkate, so nilipima mwingine mkavu unaofanana nao: gramu 80, kama 220. Kuku gramu 90, tuseme 190. Chipsi gramu 60, kama 180, ingawa hapo inategemea mafuta zilizoyanywa. Kabichi na achari hata 15 hazifiki. Halafu sosi, tuliyoikwangua na kukadiria vijiko viwili vya chakula, gramu 30: peke yake 200 na ushee. Yaani sosi imempita kuku mzima aliyemo humo! Sababu ni kwamba gramu ya mafuta inatoa 9, ya wanga au protini inatoa 4 tu, na mayonesi sehemu kubwa ni mafuta. Jumla kama 800, ongeza au punguza mia, na kama muuzaji anaipaka mafuta kabla ya kuibana kwenye chuma cha moto, kijiko kimoja tu cha mafuta ni 120 nyingine.

Sasa hiyo 800 ingetosha kuchemsha lita 10 za maji, yaani nusu ndoo, kutoka digrii 20 mpaka 100. Ingekuwa 800 za zile ndogo zingechemsha maji ya vijiko viwili tu vya chai. Kwa hesabu binamu hakukosea, kwa zile kalori ndogo za maabara ni laki nane kweli. Ila mezani hakuna anayezitaja hizo, na kopo limeshamgawia kwa elfu, asome tu kama lilivyo, na akitaka kupunguza aombe sosi pembeni.