Mzee mwenye dimensia ameanza kupiga kelele: anaumwa wapi?

Mama ana dimensia. Tangu juzi anampiga kila anayemvalisha nguo. Ugonjwa wake umezidi?

Usianzie hapo. Dimensia kwa kawaida huzidi polepole, kwa miezi. Mzee aliyebadilika ndani ya siku mbili tatu ana jambo jingine, mara nyingi maumivu au maambukizi. Mhesabu anaumwa mpaka utafute maumivu na kuyakosa.

Mbona nikimuuliza anasema haumwi?

Huenda neno limempotea, au maumivu ya dakika tano zilizopita ameshayasahau. Akiwa ametulia kitini hutaona kitu. Mtazame anapogeuzwa, anaposimamishwa, anapooshwa: anakunja uso, anaguna, anakaza mwili, anausukuma mkono wako. Shika ni tendo lipi hasa linaloleta hayo.

Nimkague wapi?

Kinywani kwanza, baada ya kutoa meno bandia. Kisha makalio, mgongo na visigino, kutafuta vidonda vya kulalia. Kisha tumbo: alipata choo lini? Usidanganywe na choo cha majimaji kinachovuja kidogo kidogo, kwani huweza kupita pembeni ya choo kigumu kilichoziba. Kama hakojoi na chini ya kitovu pamevimba, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwisho miguu, na hapa ndipo tunapochelewa sana. Bibi mmoja aliletwa baada ya wiki nzima ya kupewa dawa ya usingizi kwa sababu "anasumbua usiku". Alikuwa akipiga kelele anapogeuzwa tu. Nyumbani hakuna aliyemwona akianguka. Tulipomlaza chali, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia na unyayo umelalia nje. Picha ikaonyesha nyonga imevunjika.

Lakini wetu bado anajikongoja. Si ina maana hajavunjika?

Hapana. Nyonga inaweza kuvunjika bila mfupa kuachana, akatembea kwa siku kadhaa, kisha ukaachana. Akikataa kukanyagia mguu mmoja au akiumia paja linapozungushwa, apigwe picha leo.

Nimpe dawa ya usingizi atulie tukisubiri?

Hapana. Nasema tena, hapana. Dawa ya usingizi haiondoi maumivu, inaondoa kelele, na kelele ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kukuambia. Pia inamfanya ayumbe na kuanguka tena.

Parasetamoli inafaa, kwa kipimo alichokupa mhudumu wa afya kulingana na uzito wake na hali ya ini lake. Mpe kwa saa maalumu. Usingoje aombe, maana hataomba. Baada ya saa moja rudia tendo lile lile lililomliza. Akitulia, ni dalili kubwa kwamba alikuwa anaumwa, lakini chanzo bado hujakipata, kwa hiyo safari ya hospitali iko palepale.

Daktari nimwambie nini?

Usiseme "anasumbua". Sema: "Tangu Jumanne analia mguu wa kushoto ukiguswa, na kabla ya hapo alikuwa anatembea mwenyewe."