Mzizi wa kati: mlinganyo wa kipeo cha tatu wenye mizizi iliyofuatana

Swali hili hurudi kila muhula kwenye twisheni za kidato cha tano hapa Tabora: "Mizizi ya mlinganyo huu iko kwenye mfuatano, itafute." Mwanafunzi aliyezoea kukisia huanza kupachika 1, kisha -1, kisha 2, mpaka ukurasa unajaa. Kumbe neno "mfuatano" limeshampa mzizi mmoja bure.

Tuanze na uhusiano wa mizizi na vizigeu, yaani zile namba zinazozidisha x. Mlinganyo ukiwa ax³ + bx² + cx + d = 0, jumla ya mizizi mitatu ni -b/a. Ukiizidisha miwili miwili na kujumlisha majibu, unapata c/a. Ukiizidisha yote mitatu, unapata -d/a. Uhusiano huu hutajwa kwa jina la Mfaransa Viète, aliyefariki mwaka 1603.

Sasa chukua mfuatano wa kujumlisha, ambao tofauti ya namba na inayofuata haibadiliki. Wengi huandika mizizi kama m, m + t, m + 2t. Si kosa, ila ni kujitafutia kazi. Weka m katikati: m - t, m, m + t. Ukijumlisha, t inafutika na kubaki 3m. Kwa hiyo mzizi wa kati ni theluthi ya jumla.

Tujaribu 4x³ - 24x² + 39x - 14 = 0. Jumla ya mizizi ni 24/4 = 6, hivyo m = 2. Angalia hapo: anayesahau kugawa kwa 4 atasema jumla ni 24 na m ni 8, kisha akipachika 8 anapata 810 badala ya sifuri, na anadai swali limekosewa. Tukipachika 2 tunapata 32 - 96 + 78 - 14, ambayo ni sifuri. Zao la mizizi yote ni 14/4, yaani 3.5, hivyo 2(4 - t²) = 3.5. Hapo t² = 2.25 na t = 1.5. Mizizi ni 0.5, 2 na 3.5. Ukichukua t = -1.5 unapata hiyo hiyo, imegeuzwa tu.

Hatua ya kupachika m wengi huiruka, nami naiona ndiyo hatua yenyewe. Chukua x³ - 6x² + 10x - 6 = 0. Jumla inakupa m = 2. Zao linakupa 2(4 - t²) = 6, kwa hiyo t = 1, na unaandika 1, 2, 3 kwa furaha. Hakuna hata moja iliyo sahihi: ukipachika 2 unapata -2. Mizizi ya mlinganyo huu haikuwa kwenye mfuatano kamwe. Wewe ndiye uliyeilazimisha, na uhusiano wa c/a hukuugusa. Theluthi ya jumla ikikubali kuwa mzizi, basi miwili iliyobaki lazima ijumlishe 2m, na mfuatano upo. Ikikataa, haupo.

Kwenye mfuatano wa kuzidisha, mizizi huandikwa m/w, m, mw, ambapo w ni uwiano. Hapa zao ndilo linalofuta w: m³ = -d/a. Lakini ipo njia isiyohitaji kipeuo cha tatu. Ukizidisha mizizi miwili miwili, unapata m²/w + m² + m²w, ambayo ni m mara jumla ya mizizi. Kwa hiyo m = -c/b, na a haihitajiki kabisa.

Kwa 3x³ - 26x² + 52x - 24 = 0, m = 52/26 = 2. Pachika: 24 - 104 + 104 - 24 = 0. Jumla ni 26/3, hivyo 2/w + 2 + 2w = 26/3, na ukipanga vizuri unabaki na 3w² - 10w + 3 = 0. Jawabu ni 3 au 1/3. Hapo hakosekani wa kuuliza, "Mwalimu, sasa tuchukue ipi?" Yoyote. Ya kwanza inatoa 2/3, 2, 6. Ya pili inatoa 6, 2, 2/3.

Njia ya -c/b hukwama b ikiwa sifuri, maana huwezi kugawa kwa sifuri. Basi rudi kwenye m³ = -d/a. Na t² ikitoka hasi usifute kazi yako haraka. Katika x³ - 6x² + 13x - 10 = 0, m ni 2, na 2 inakubali, ila t² = -1. Mizizi ni 2 - i, 2, 2 + i: mfuatano upo, lakini miwili kati yake si namba halisi. Swali likitaka mizizi halisi tu, mlinganyo huo una mmoja.